Kulaiki video kwa malipo: hela ya kwanza ndiyo chambo

"Nimeunganishwa grupu la Telegram, kazi ni kulaiki video. Wamenilipa 6,000 kweli. Sasa wanataka niweke 50,000 nirudishiwe 65,000. Niweke?"

Usiweke, ndugu yangu. Hiyo 6,000 ni chambo tu.

Mimi nilishalizwa hivyohivyo. Niliweka 50,000, ikarudi 65,000. Nikajiona mjanja, nikaweka 200,000. Hapo "mwalimu" wao akasema nimekosea kazi moja, akaunti imefungwa, nilipe 300,000 ifunguliwe. Kwenye ukurasa wao salio langu lilisoma 480,000, kumbe ni namba wanazoandika wenyewe.

Ukitaka kuwapima, waambie hela wanayodai waikate kwenye salio lako. Watakuja na sababu kumi, maana salio halipo. Soma pia meseji ya muamala: kwangu mpokeaji alikuwa mtu binafsi, na jina lilibadilika kila mara. Na hao wanaorusha skrinishoti za malipo kwenye grupu, wengi ni wenzao.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiihii waizuie. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni shughuli. Na akitokea mtu inboksi anayeahidi kukurudishia hela kwa ada kidogo, huyo ni walewale.