Kukwangua odi kabla ya mechi: tazama waliopanga foleni nyuma yako

Nilipohamia Uingereza nilikuwa mtu wa mikeka kama wengine. Kilichonivuta kwenye Betfair, soko la mtandaoni ambako watu hubeti wao kwa wao, ni kwamba pale unaweza kufanya jambo ambalo kampuni za kawaida za kubeti hazikuruhusu: kuuza. Ukinunua, unabeti timu ishinde. Ukiuza, unachukua upande wa pili, yaani mwenzako akishinda unamlipa wewe. Hapo ndipo nilipojifunza kukwangua: kununua kwenye odi ya juu, kuuza kwenye odi ya chini kidogo, na kutoka kabla mpira haujaanza bila kujali nani atashinda.

Chukua mechi kubwa ya Ligi Kuu ya huko. Mwenyeji ana 2.10 kwa anayetaka kununua sasa hivi, na 2.12 kwa anayetaka kuuza sasa hivi. Kati ya odi 2 na 3 bei hupanda na kushuka kwa hatua ya 0.02, kwa hiyo hapo pengo ni hatua moja tu. Naweka oda ya kununua ya paundi 200 kwa 2.12, nasubiri. Ikichukuliwa, naweka oda ya kuuza paundi 201.90 kwa 2.10. Nayo ikichukuliwa, nimebaki na paundi 1.90, timu ishinde isishinde. Bei ikinigeuka nikalazimika kuuza kwa 2.14, nauza 198.13 na kupoteza 1.87.

Faida ni ya senti, ndiyo maana foleni ni kila kitu. Kwenye bei moja, aliyetangulia huhudumiwa kwanza. Kama mbele yangu kuna paundi 6,000 na katika dakika kumi zilizopita zimepita 3,000 kwa bei hiyo, nakadiria dakika ishirini za kukaa. Hilo kila mgeni hulielewa upesi. Lililonichukua miezi kulielewa ni waliosimama nyuma yangu.

Oda yangu ikichukuliwa na nyuma yangu bado kuna 4,000 kwenye 2.12, nina mlango wa kutokea. Nikihisi vibaya, nauza hapohapo kwa 2.12 kwa hao waliobaki na sipotezi kitu. Lakini foleni ikiyeyuka ghafla, wengine wakifuta oda zao na mimi nikihudumiwa wa mwisho, hiyo si bahati. Maana yake bei inaondoka kwenda 2.14, na aliyeniuzia alijua kabla yangu. Oda iliyochukuliwa haraka kuliko nilivyokadiria ndiyo ninayoitilia shaka kuliko zote.

Hiyo ndiyo kazi ya ukwasi, yaani wingi wa fedha zinazosubiri kwenye soko, na niliilipia. Jumanne moja niliingia mechi ya daraja la tatu, ambako kununua kulikuwa 2.20 na kuuza 2.32. Niliona pengo pana nikadhani ni mnofu. Niliweka oda ya kununua 200 kwa 2.30, ikachukuliwa mara moja. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Orodha ya wachezaji ilipotoka, bei ya kuuza ikawa 2.40, nikatoka kwa hasara ya 8.33. Kwa kukwangua hatua moja moja, hiyo ni faida ya zaidi ya biashara nne zilizofanikiwa.

Sasa kamisheni. Wengi huiogopa kwa sababu isiyo sahihi. Haikatwi kwenye kila biashara uliyoshinda, hukatwa kwenye faida halisi ya soko zima la mechi ile. Tuseme kiwango chako ni asilimia 5, na ndani ya soko moja umepata mara kumi na kupoteza mara nane, kwa bei zile za mfano wa kwanza. Umepata 19.00, umepoteza 14.96, imebaki 4.04, na unakatwa senti 20 tu. Ukizifanya biashara zilezile kila moja kwenye mechi yake, kila ushindi unakatwa na hasara hazikusaidii: kamisheni inakuwa senti 95. Karibu robo ya faida imekwenda. (Mke wangu ndiye aliyeligundua hili kwenye daftari la mapato, si mimi.)

Kwa hiyo Jumamosi huchagua mechi moja, yenye fedha nyingi, na kukaa humo. Huanza asubuhi, bei ikiwa inatembea polepole kati ya hatua mbili tatu. Dakika 80 kabla ya mpira kuanza nafuta oda zote, kwa sababu vikosi vya Ligi Kuu hutoka dakika 75 kabla, na hapo foleni huyeyuka kwa sekunde. Bei ikitulia narudi, kwa nusu ya dau. Dakika tano za mwisho, kilichobaki wazi nakifunga kwa bei yoyote iliyopo, hata kwa hasara ya hatua mbili. Oda ambayo haijachukuliwa hufutwa soko linapogeuka la mechi inayochezwa, isipokuwa umeamua ibaki, lakini ile iliyokwisha kuchukuliwa inaingia nawe uwanjani. Niliwahi kuingia hivyo na paundi 200, nikisubiri hatua moja tu. Goli la wageni lilipatikana dakika ya sita.