Ulimi wa paka unafika wapi, na pale usipofika ufanye nini

Paka anapojilamba, watu huona vumbi linafutwa na manyoya yanalala vizuri. Kazi yenyewe iko chini zaidi, kwenye mashina ya nywele, pale zinapoota juu ya ngozi. Mate yakifika huko, nywele zilizokufa zinatoka, mwili unapoa na mafuta ya ngozi yanasambaa yakiwa na harufu ya mwenyewe. Yasipofika, paka anaweza kujilamba mchana kutwa na bado akasokotana manyoya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye paka ni hili: ulimi wa paka wako unafika kwenye ngozi?

Mwangalie akipiga miayo. Juu ya ulimi utaona miiba midogo myeupe, yote imeelekea kooni. Imetengenezwa kwa keratini, ambayo ndiyo inayotengeneza kucha, na kila mwiba una urefu wa kama milimita 2.3. Zamani ilidhaniwa kuwa ni miiba mizima, imejaa ndani. Mwaka 2018 Alexis Noel na David Hu wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walichapisha utafiti wa ndimi za paka wa kufugwa na jamaa zake watano wa porini, wakiwemo simba na simbamarara. Wote walikuwa na kitu kimoja: ncha ya mwiba ina uwazi, mfereji mdogo uliokatika upande mmoja.

Mfereji huo ndio siri yote. Ulimi ukiwa mdomoni, mate yanajivuta yenyewe na kuingia ndani yake, jinsi utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ulimi ukitoka, ncha inazama kwenye manyoya, na mara inapogusa nywele mate yanahama kutoka kwenye mfereji na kuzifuata nywele. Kila mwiba unabeba tone dogo mno, lakini miiba iko karibu 290, na paka hutumia takriban robo ya muda anaokuwa macho kwenye kujilamba. Watafiti hao walikadiria kwamba kwa siku anaweza kuyapaka manyoya yake mililita 48 hivi za mate.

Mlambo mmoja una hatua zake. Kwanza ulimi unatoka nje. Kisha unatanuka na kukakamaa, na miiba inasimama. Halafu unapitishwa kwenye manyoya, na mwishoni unakunjwa kurudi mdomoni. Shina la mwiba halikushikwa kwa ugumu, kwa hiyo ukikwama kwenye fundo la nywele unazunguka na kusimama wima, ukilivuta fundo kidogo kidogo mpaka lilegee. Ubaya wake ni kwamba chochote kilichonaswa kinasukumwa kuelekea kooni. Paka hana namna rahisi ya kukitema, na jambo hili tutalirudia.

Sasa turudi kwenye swali. Paka wa manyoya mafupi, ulimi ukikandamiza manyoya yanalala na kuwa membamba kuliko urefu wa mwiba, hivyo ncha inagusa ngozi bila shida. Kwa paka wa aina ya Kiajemi hesabu hiyo inakataa: hata yakikandamizwa, manyoya yake bado ni manene kuliko mwiba. Anajilamba kwa bidii ileile, lakini anayalowanisha ya juu tu. Yale laini ya ndani yanayopukutika hayapati wa kuyatoa, yanashikana na yanayoota, na hapo ndipo mafundo yanapoanzia. Si mvivu wala si mchafu. Ulimi wake haumtoshi.

Jipimie mwenyewe kwa kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana. Tenga manyoya kwa vidole mpaka uione ngozi, weka ncha za meno hapo, kisha vuta kuelekea nje. Anza nyuma ya masikio, nenda kwapani, kwenye kinena, halafu nyuma ya mapaja. Kitana kikipita tangu kwenye ngozi bila kukwama, ulimi unatosha. Kikiteleza juu vizuri lakini kikigoma chini, basi brashi unayotumia inafanya kosa lilelile la ulimi: inapamba ya juu na kuacha ya ndani. Paka wa namna hiyo anahitaji kuchanwa hadi kwenye ngozi kila siku, dakika tano zikitosha, kuliko saa nzima mara moja kwa wiki.

Tuseme umekuta fundo kwapani, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Usilimwagie maji, kwani nywele zilizosokotana zikilowa na kukauka hukaza zaidi. Shika kwa vidole viwili nywele zilizo kati ya fundo na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako na paka asihisi maumivu. Kisha tumia kona ya kitana, meno mawili au matatu tu, uanze kwenye ncha ya nje ya fundo. Toa nywele chache, sogea ndani kidogo, toa nyingine. Akianza kupigapiga mkia au kugeuka kukutazama mkono, acha hapo hapo na umalizie kesho. Ukianzia kwenye shina utavuta fundo zima kwa mkupuo, na siku inayofuata akikiona kitana atakimbilia chini ya kitanda.

Kama fundo limelalia ngozi kiasi kwamba jino la kitana halipiti chini yake, mkasi uweke mbali. Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika. Ukiinua fundo, ngozi inainuka nalo na kuingia katikati ya makali bila wewe kuiona. Majeraha ya aina hii yanahitaji kushonwa. Hapo ni kazi ya mashine ya kunyolea mikononi mwa daktari wa wanyama au mtu aliyezoea, hasa ikiwa ngozi ya chini imekuwa nyekundu, ina unyevu au inanuka.

Kwenye joto ndipo tofauti ya mate kufika au kutofika inapoonekana waziwazi. Jasho la kumsaidia paka kupoa liko kwenye nyayo tu, eneo dogo sana. Mate yaliyopakwa kwenye manyoya yakigeuka mvuke yanaondoka na joto, na kwa makadirio ya utafiti uleule yanaweza kubeba hadi robo ya kazi ya kuupoza mwili. Lakini mvuke ukitokea kwenye ncha za nje, unapoza nywele na hewa ya jirani, huku joto la mwilini likibaki nyuma ya zulia la manyoya yaliyoshikana. Kwa hiyo siku za joto kali kuchana kunampoza paka, wala si urembo.

Unaweza pia kufanya kazi ya ulimi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida na kukamuliwa. Mpanguse nyayo, masikio kwa nje na tumbo, kisha umwache mahali hewa inapopita, maana bila hewa kusogea mvuke unakwenda taratibu. Siku zenye unyevunyevu mwingi hewani njia hii inapungua nguvu, kwa paka na kwako pia. Mate nayo hutokana na maji ya mwili, hivyo bakuli la maji lisikauke. Akihema kwa mdomo wazi na hali hiyo isitulie akipumzika, akidondosha mate au akiyumba, hilo ni joto lililomzidi: anza kumpoza kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, huku safari ya kwenda kwa daktari ikianza.

Upande wa harufu, paka ana tezi mashavuni, kidevuni, kwenye midomo, katikati ya vidole na karibu na shina la mkia, na juu ya hapo kuna mafuta yanayotoka kwenye kila shina la nywele. Ulimi unayavuta mafuta hayo kutoka kwenye ngozi na kuyapeleka mpaka kwenye ncha. Mguu wa mbele unaolambwa na kusuguliwa usoni unachukua harufu ya shavu, na ukilambwa tena inasafiri kwenda kwingine. Paka wawili wanaopatana hulambana kichwani na shingoni, na harufu zao zinachanganyika mpaka nyumba nzima inakuwa na harufu moja. Wanatambuana kwa harufu hiyo kuliko kwa sura.

Ndiyo maana paka anayerudi kutoka kliniki hufokewa na mwenzake waliyelala pamoja jana yake. Ananuka dawa na mikono ya watu. Usiwagombeze wala usiwalazimishe kukutana. Mweke aliyerudi chumba cha peke yake hadi ajilambe mwili mzima; kwa kawaida nusu siku au siku moja inatosha. Wakati huo chukua kitambaa kikavu, mfute aliyebaki nyumbani mashavuni na chini ya kidevu, kisha kipitishe kwenye mgongo na ubavu wa aliyerudi. Shampuu yenye manukato itakurudisha nyuma, kwa sababu inafuta kile anachojaribu kukirudisha.

Na sasa lile la miiba kuelekea kooni. Kila unachompaka paka, mhesabu kuwa amekinywa. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini humtia paka mtetemeko na degedege, na zinaweza kumuua. Uzi au mpira mwembamba ukinasa kwenye ulimi unamezwa wenyewe, hata kama paka hakuutaka. Ukiuona umejishika chini ya ulimi au unatokea nyuma, usiuvute: sehemu iliyo ndani inaweza kukata utumbo. Tonge la nywele analolitapika mara mojamoja ni jambo la kawaida, lakini akijikamua mara nyingi bila kutoa kitu, akaacha kula na kupata choo, huenda utumbo umeziba.

Angalia pia mabadiliko ya kiasi. Manyoya yanayopauka na kushikana kiunoni, karibu na mkia, kwa paka aliyezeeka au aliyenenepa, mara nyingi yanamaanisha hawezi kujipinda kufika huko. Akiyaacha mwili mzima, mchunguze mdomo, jino linaweza kuwa linauma. Akizidisha, tumbo au mapaja ya ndani yanabaki na upara. Pitisha kidole pale: nywele zikichoma kama zilizokatwa, zimevunjwa na ulimi, hazikung'oka zenyewe. Chana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vipunje vyeusi vinavyotoa rangi ya kutu kwenye maji ni kinyesi cha viroboto, na hapo umepata cha kutibu. Karatasi ikibaki safi na upara uko chini ya tumbo tu, mweleze daktari, na umtajie pia anakojoaje, kwa kuwa kibofu kinachouma hulambwa kutokea nje.