Kwa mnaoanza wodi ya uloto: mambo mnayoyarudia

Wiki hii nimemsikia mdogo wangu mmoja akimwambia mama wa mtoto wa selimundu: "Usijali mama, grupu zao za damu zimefanana, dada yake atamtolea uloto." Mama akapiga simu nyumbani na ukoo mzima ukashangilia. Majibu ya HLA, yaani alama za tishu, yaliporudi, dada hakulingana hata nusu. Ilibidi mtu akae na yule mama na kumrudisha alipokuwa mwanzo, na kazi hiyo ni nzito kuliko kupanga uchunguzi wenyewe.

Nawapenda wadogo zangu, na nyote mnafanya kazi kwa moyo. Lakini maneno haya nimeyasema sana korido, sasa nayaandika.

1. Grupu la damu si ulinganifu wa tishu.

Jeni za grupu la ABO ziko kwenye kromosomu ya 9. Jeni za HLA, zinazotoa alama ambazo kinga hutumia kutambua kilicho chake na kisicho chake, ziko kwenye kromosomu ya 6. Kwa hiyo vitu hivi viwili hurithiwa kila kimoja kivyake. Watoto wawili wanaweza kuwa wote O na wasilingane HLA, na mmoja anaweza kuwa A na mwingine B wakalingana alama zote za HLA tunazopima, 10 kwa 10. Tofauti ya ABO haizuii upandikizaji. Inatutaka tu tutayarishe mfuko vizuri, kwa kuondoa seli nyekundu au plazma kadiri inavyohitajika. Baadaye grupu la mgonjwa hubadilika kuwa la mtoaji. Mwambieni bibi wa mtoto mapema. Tulikuwa na bibi mmoja aliyeshika kadi ya zamani yenye B na majibu mapya yenye O, akadai tumembadilishia mjukuu. Alikubali siku alipoonyeshwa kwamba wa O ni yule kaka aliyetoa uloto, kisha akatangaza wodi nzima kwamba sasa wajukuu wake ni damu moja kwelikweli.

Kila mzazi ana seti mbili za HLA na humpa mtoto moja. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kamili, nafasi mbili kati ya nne za kulingana nusu, na moja ya kutolingana kabisa. Hapa wengi mnajumlisha vibaya. Mtoto mwenye ndugu watatu hana uhakika wa asilimia 75. Nafasi ya kila ndugu kutolingana ni robo tatu. Zidisha robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu utapata kama asilimia 42, na kinachobaki, yaani asilimia 58, ndiyo nafasi ya kumpata angalau mmoja. Wazazi wenyewe kwa kawaida ni nusu. Nusu nayo hupandikizwa siku hizi, kwa dawa ya siklofosfamidi ya siku ya 3 na ya 4 baada ya uloto kuingia, lakini hiyo ni njia yenye taratibu zake, msiwaahidi watu kwa mdomo.

Na tafadhali, ulizeni undugu kwa makini. Kwetu "kaka yake" anaweza kuwa wa baba mmoja mama mbali, au mtoto wa mama mdogo aliyelelewa nyumba hiyo tangu anyonye. Wa mama mbali hushiriki upande mmoja tu wa urithi, kwa hiyo kwa kawaida hafiki zaidi ya nusu. Swali hilo muulizeni mama akiwa peke yake. Msilitupe mbele ya baba, shangazi na jirani aliyeleta uji.

2. Kumi kwa kumi haina maana kwamba hakuna vita.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Uloto ni mgeni wa namna hiyo, ila huja na walinzi wake. Ndani ya mfuko, pamoja na seli shina, zimo limfosaiti T za mtoaji, seli za kinga zinazoshambulia. Mwaka 1966 Billingham alieleza masharti matatu ya ugonjwa wa pandikizi kumshambulia mwenyeji: pandikizi liwe na seli za kinga zenye uwezo wa kupigana, mwenyeji awe na alama ambazo mtoaji hana, na mwenyeji awe hana nguvu ya kuzifukuza seli hizo. Mgonjwa wetu hutimiza sharti la tatu kwa sababu sisi wenyewe tumemaliza kinga yake kwa dawa kabla ya siku ya sifuri, siku uloto unapoingia.

Sharti la pili ndilo huwachanganya. Mnauliza: kama HLA zimelingana zote, alama ngeni zimetoka wapi? HLA kazi yake ni kubeba vipande vya protini na kuvionyesha kwa limfosaiti. Vibebeo vikifanana, vinavyobebwa bado vinatofautiana, kwa sababu ndugu wawili hawana protini zote sawa. Mfano ulio wazi ni mtoaji wa kike kwa mpokeaji wa kiume. Seli za mvulana zina protini zinazotoka kwenye kromosomu Y, ambazo kinga ya dada yake haikuzizoea. Hatari huongezeka zaidi kama mtoaji amewahi kubeba mimba. Mapacha wa kufanana kabisa ndio karibu hawana shida hii.

Kwenye saratani ya damu mashambulizi kidogo yana faida, kwani limfosaiti hizohizo huwinda seli za saratani zilizobaki. Kwa mtoto wa selimundu faida hiyo haipo hata chembe. Hana saratani ya kuwindwa. Kwake ugonjwa huu ni hasara tupu, na ndiyo maana siklosporini, dawa ya kuzituliza limfosaiti hizo, haichezewi.

3. Siklosporini, na damu ya kupima inatoka wapi.

Hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu nilikuwa ndani yake, na kwa sababu mwezi huu nimeona chupa mbili zimechotwa vilevile.

Ilikuwa hospitali niliyofanyia kazi zamani. Mvulana wa miaka 9, kilo 24, selimundu, mtoaji dada yake, 10 kwa 10. Dawa za kuzuia ugonjwa huu zilikuwa za kawaida: siklosporini kwa mshipa mara mbili kwa siku, na methotreksati siku ya 1, 3, 6 na 11. Lengo la kiwango cha siklosporini kabla ya dozi ya asubuhi lilikuwa nanogramu 200 hadi 300 kwa mililita. Katheta yake ilikuwa na njia mbili, nyekundu na nyeupe. Siku ya 12 kiwango kikaja 540. Niliyepokea majibu ni mimi. Nikayasoma kwenye raundi, dozi ikapunguzwa kwa theluthi. Siku ya 15 yakaja 430, ikapunguzwa tena.

Hakuna aliyeuliza damu ilichotwa njia ipi. Mimi sikuuliza, na usiku ule wa pili nilikuwa nimechota mwenyewe. Niliichota kwenye njia nyekundu kwa sababu nyeupe ilikuwa inasuasua, na nyekundu ndiyo iliyokuwa ikipitisha siklosporini kila siku. Dawa hii hunata kwenye ukuta wa katheta. Unaweza kusafisha kwa maji ya chumvi, ukatupa mililita za kwanza, na bado damu ikabeba dawa iliyonata. Tulikuwa tunapima mpira, hatupimi mtoto.

Na mtoto alikuwa anatuambia. Mtu mwenye 540 ya kweli mara nyingi ana dalili: mikono hutetemeka, presha hupanda, kreatinini, kipimo cha figo, hupanda. Presha yake ilikuwa ya kawaida, kreatinini haikusogea, na alikuwa anachora magari kwa mstari ulionyooka. Karatasi ilisema kitu kimoja na mwili ukasema kingine, nikaamini karatasi.

Siku ya 19 nyutrofili zikavuka 0.5, dalili kwamba uloto umeshika, tukafurahi. Siku ya 22 akaanza kujikuna viganja. Siku ya 24 akaharisha, majimaji ya kijani. Tukasema ni antibiotiki, au wadudu, tukapeleka kinyesi maabara na kusubiri. Siku tatu zilipotea hapo. Siku ya 27 kuhara kulifika mililita 600 kwa siku. Gawanya kwa kilo 24: ni 25 kwa kilo, na kwa mtoto 20 hadi 30 ni hatua ya pili ya utumbo. Upele ulikuwa umechukua kama asilimia 40 ya ngozi, hatua ya pili pia. Bilirubini, kipimo cha ini, ilikuwa sawa. Utumbo ukishafika hatua ya pili, ugonjwa wote unahesabiwa daraja la III.

Daktari mmoja mgeni ndiye aliyeomba damu ya mkononi, kwenye mshipa wenyewe. Jibu: 85.

Alianzishiwa methiliprednisoloni miligramu 2 kwa kilo, yaani 48 kwa siku, na siklosporini ikarudishwa juu. Biopsi ya rektamu ilionyesha seli za vishimo vya utumbo zikijifia moja moja, picha ya ugonjwa huu. Siku ya tano ya steroidi kuhara kulikuwa kumepungua nusu. Alipona, uloto wa dada ukashika, selimundu haikurudi. Lakini alikaa wodini wiki nyingi ambazo hazikuwa zake, steroidi zikamvimbisha uso, na akapata fangasi wa mdomo uliomfanya alie kila akimeza. Mama yake aliniuliza amekosea nini kumlisha. Nilimwambia hakukosea yeye, na nikamweleza tulivyochota damu. Hilo la kumweleza ndilo pekee ninaloweza kulitazama bila kuumia.

Basi: njia moja ya katheta iwekewe utepe, iwe ya siklosporini tu. Damu ya kiwango ichotwe mkononi, na ikishindikana kabisa, kwenye njia nyingine. Kwenye fomu andikeni mahali ilipochotwa na saa ya dozi ya mwisho. Kiwango kikija cha ajabu na mtoto hana dalili, rudieni kipimo kabla hamjagusa dozi.

4. Ngozi nyeusi haiwi nyekundu kama kitabuni.

Picha nyingi mlizosomea ni za ngozi nyeupe. Kwa watoto wetu wekundu hufichika, na upele huonekana kama kiza cha zambarau, au ngozi ya kukwaruza kama msasa. Anzieni viganjani, nyayoni, nyuma ya masikio na shingoni, kwenye mwanga wa dirisha. Guseni. Sehemu yenye ugonjwa huwa na joto na mtoto hulalamika inawaka au inawasha hata kabla hamjaona kitu. Yule mvulana alijikuna viganja siku mbili kabla ya kuhara, na kwenye faili niliandika "ngozi kavu, apakwe mafuta".

5. Mengine kwa haraka.

Damu na chembe sahani zote ziwe zimepigwa mionzi, angalau grei 25, la sivyo limfosaiti za mchangiaji zinaweza kuleta ugonjwa huuhuu. Ndugu wa damu wasimwongezee mgonjwa damu kabla ya upandikizaji. Flukonazoli na dada zake, dawa za fangasi, hupandisha siklosporini. Rifampisini huishusha vibaya sana, kwa hiyo mgonjwa akianzishiwa dawa za kifua kikuu pigeni simu siku hiyohiyo. Balungi marufuku. Nepi na beseni vipimwe kwenye mizani na namba iandikwe, maana "ameharisha sana" haigawanyiki kwa kilo. Na steroidi zikianza, hesabuni siku: hali ikizidi kuwa mbaya baada ya siku 3 hadi 5, au isipobadilika kufikia siku ya 7, ugonjwa umezigomea, na mazungumzo ya ruksolitinibu, dawa ya hatua inayofuata, yaanze asubuhi hiyo, yasisubiri raundi kubwa ya Jumatatu.