Jibu: Hisa zilizobaki ziko wapi?

> "Kampuni ina hisa milioni 100, mbona sokoni zinaonekana chache hivi? Zingine ziko wapi?"

Mkuu, fungua ripoti ya mwaka, nenda kwenye orodha ya wanahisa wakubwa na maelezo ya mtaji. Tuseme unakuta hivi: mwanzilishi ana milioni 48, mbia wa kimkakati ana milioni 17, na kampuni yenyewe imenunua tena hisa zake milioni 10 na kuziweka.

Hizo milioni 10 ziondoe kwanza kwenye hesabu. Kampuni ilishazitoa kwa wanahisa, ndiyo, lakini zikiwa mikononi mwa kampuni kwa kawaida hazipigi kura wala hazipati gawio. Zinabaki milioni 90. Ukiondoa za mwanzilishi na mbia, ambao hawana mpango wa kuuza, hisa huru ni milioni 25 tu, yaani karibu asilimia 28 ya zile 90. Hapo ndipo bei inapopangwa. Mtu akitaka kununua milioni 2 kwa haraka, anagusa asilimia 8 ya hisa huru, na bei itaruka.

Sasa angalia kura, jambo ambalo wengi hawalioni. Mwanzilishi ana 48 kati ya 100, anaonekana hana wingi. Lakini kura zinazohesabika ni 90, kwa hiyo ana asilimia 53. Amepata udhibiti bila kununua hata hisa moja!

Halafu fuatilia matangazo ya kampuni: ikiamua kuziuza tena zile milioni 10 kwa umma, hisa huru zitafika milioni 35, na yeye atarudi asilimia 48.