Ondoa weusi, acha mhuri: kukata kingo za picha ya barua

Mkianza kazi steshenari mtashangaa jinsi karatasi zenyewe zinavyofika chache. Kinachofika ni picha. Mteja ameipiga barua usiku juu ya meza, karatasi imeegemea upande, pembeni kuna weusi wa meza na kivuli cha mkono wake, na anataka PDF safi ya kuambatisha kwenye maombi. Mkono wa mgeni wa kazi hukimbilia kukata: anavuta fremu ndani mpaka weusi wote uishe. Nami nilifanya hivyo, na nilimharibia binti wa watu barua yake.

Ilikuwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, ukurasa mmoja wa A4. Kwenye picha, kichwa cha karatasi kilikuwa kimeegemea kulia kwa nyuzi 3 hivi, kiasi ambacho jicho halikioni kama kitu kikubwa. Nikasogeza fremu ya kushoto mpaka ikagusa kona ya juu ya karatasi, weusi ukatoweka, nikatuma. Baada ya siku chache barua ikarudishwa: mhuri haujakamilika.

Nilichukua rula kutafuta nilikokosea. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ukiegemea nyuzi 3, ukingo wake unahama zaidi ya milimita 5 kwa kila milimita 100 unazoshuka. Mhuri ulikuwa chini, milimita 250 kutoka juu, kwa hiyo mahali pale fremu yangu iliyonyooka ilikuwa imeingia ndani ya karatasi kwa milimita 13. Mwandishi wa barua alikuwa ameacha pambizo ya kawaida ya milimita 25, na maandishi yote yalisalimika. Lakini aliyegonga mhuri hakufuata pambizo. Aliugonga kushoto kwa sahihi, ukingo wake ukiwa milimita 10 tu kutoka mwisho wa karatasi. Nilikuwa nimekula milimita 3 za mhuri, na hapo ndipo jina la mtaa huzunguka.

Tangu siku hiyo nanyoosha kwanza, ndipo nakata. Na kunyoosha kuko kwa namna mbili ambazo wengi huzichanganya. Angalia kingo mbili zilizokabiliana. Kama ukingo wa juu na wa chini vina urefu sawa, karatasi imezunguka tu, na kuizungusha kunatosha. Kama wa juu ni mfupi kuliko wa chini, simu ilikuwa imeinamishwa, na hata uzungushe mpaka kesho upande mmoja utabaki na pembetatu nyeusi. Hapo tumia programu ya kuskani yenye vidoti vinne vya kona. Vuta kila kidoti mpaka kwenye kona halisi ya karatasi, ukikuza picha ili uione vizuri. Kona ikiwa imekunjwa, usiweke kidoti kwenye mkunjo. Fuata kingo mbili kwa jicho na ukiweke pale ambapo zingekutana.

Kisha kagua umbo. Programu huenda ikaunyoosha ukurasa vizuri lakini ikaufanya mfupi au mrefu kuliko ulivyo. Kwa A4, gawanya urefu wa picha kwa upana wake. Jibu liwe karibu na 1.41. Usipotaka hesabu, tazama mhuri wa duara: ukiwa kama yai, umbo limepotoka, isipokuwa mhuri wenyewe umegongwa vibaya. Mimi huanza na mhuri kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hata anayepokea barua huanza nao.

Mwangaza uache mwisho. Ukiongeza weupe kabla ya kunyoosha, ukingo wa karatasi huyeyukia kwenye meza ya rangi nyepesi, na hutaziona kona tena. Ukichagua nyeusi na nyeupe tupu huku weusi wa pembeni ungalipo, kivuli hafifu kinaweza kugeuka doa jeusi kabisa.

Sasa pambizo ibaki kiasi gani? Jibu langu kwa waraka wowote wenye mhuri, sahihi au namba ya jalada ni kwamba karatasi yote ibaki. Ukishanyoosha, ingia ndani milimita 1 au 2 tu, kuondoa uzi mweusi unaobaki kwa kuwa karatasi haikulala bapa. Ikiwa katikati ya ukingo umebaki weusi mpana zaidi ya hapo, karatasi ilikuwa imepinda, na kidoti cha kona hakitibu hilo. Mwambie mteja airudie picha, karatasi ikiwa imelazwa bapa. Kama hawezi, paka rangi nyeupe juu ya kile kipande cha weusi peke yake. Kwenye pambizo hukaa namba za kurasa, vifupisho vya majina ya waliosaini kila ukurasa, dokezo la kalamu la afisa. Si kazi yetu kuamua kipi hakina maana.

Kuna sababu nyingine, nayo huonekana mtu akichapisha. Tuseme umekata mpaka kwenye maandishi, ukaondoa milimita 25 kila upande. Kimebaki kipande cha milimita 160 kwa 247. Kikikuzwa kijaze urefu wote wa A4, herufi zinavimba kwa asilimia 20: saizi 12 inaonekana zaidi ya 14, na mhuri unakuwa mkubwa kuliko mhuri halisi. Printa nyingi za leza nazo haziwezi kuchapa milimita 4 hivi za pembezoni, hivyo mstari wa kwanza na wa mwisho unaweza kuliwa. Halafu karani anatoboa karatasi aiweke kwenye faili. Katikati ya tundu la kawaida huwa milimita 12 kutoka ukingoni na upana wake ni milimita 6, kwa hiyo tundu linafika milimita 15. Maandishi ya kushoto yakianza kabla ya hapo yanatobolewa. Ndiyo maana upande wa kushoto sishuki chini ya milimita 20.

Mara nyingine picha inafika pambizo ikiwa imeshakatwa na mteja mwenyewe, na karatasi ameirudisha alikoitoa. Hapo usivute picha ijaze ukurasa. Iweke juu ya ukurasa mweupe wa A4 katika ukubwa wake wa asili, na weupe unaozunguka utakuwa pambizo. Ukubwa wa asili utaupata kwa kupima kitu unachokijua. Barua za mtaa huo huo zikishapita mikononi mwako, unajua upana wa mhuri wao. Pima mmoja kwa rula na uulinganishe. Lakini mwambie mteja wazi kwamba weupe huo umeuongeza wewe, na kwamba kilichokatwa hakirudi.

Barua ya yule binti niliirudia kwa picha ileile, kwa kuwa nilikuwa sijaifuta. Nilivuta vidoti vinne, nikaingia ndani milimita 2, mhuri ukatoka mzima na jina la mtaa likasomeka. Nilitumia dakika 3. Yeye alikuwa ameshapoteza siku 4 na nauli ya kwenda na kurudi, na nauli nilimrudishia.