Kiinua mgongo kimeingia, tulipe mkopo wote?

*Shangazi, shikamoo. Nimepunguzwa kazini. Nina akiba ya 900,000, na kiinua mgongo kilichoingia benki ni 2,400,000. Kila mwezi kodi ya nyumba ni 250,000, rejesho la mkopo 110,000, umeme na maji 40,000, bima ya afya 30,000. Chakula na nauli ni 230,000, humo 60,000 ni nauli yangu ya kazini. Ada ya mtoto ni 360,000 kwa muhula, mihula mitatu kwa mwaka, na inayofuata tunalipa mwezi wa pili kuanzia sasa. Biashara ya mke wangu haijawahi kuingiza chini ya 120,000 kwa mwezi. Mkopo umebaki 1,000,000, naye anataka tuulipe wote tupumue. Tufanyeje? – Baba Mwenye Mawazo*

Marahaba, mwanangu. Pole.

Kwanza itazame karatasi ya malipo ya mwisho. Mara nyingi ndani ya kile tunachokiita kiinua mgongo huwa kuna mshahara wa mwezi wa mwisho, malipo ya notisi na siku za likizo ambazo hukuzichukua. Hakikisha pia kodi ya mapato imekwisha kukatwa, maana ikija kudaiwa baadaye hesabu yote itavurugika. Nitachukulia kwamba 2,400,000 yote ni yako.

Jumla unazo 3,300,000. Tenga 300,000 za ugonjwa na dharura, uzisahau. Zinabaki 3,000,000 za kuishi.

Sasa matumizi. Nauli yako ya kazini imeondoka, kwa hiyo chakula na nauli ni 170,000. Ada ya mwaka mzima ni 1,080,000, ukiigawa kwa miezi 12 ni 90,000. Ukijumlisha na kodi ya nyumba, rejesho, umeme, maji na bima unapata 690,000 kwa mwezi. Toa 120,000 za mke wako. Nimefurahi umenipa kipato cha mwezi mbaya, wengi hunitajia cha mwezi mzuri. Pengo ni 570,000, na 3,000,000 zitaliziba kwa miezi 5 na wiki moja hivi.

Mkilipa mkopo wote, mnabaki na 2,000,000 na pengo linashuka hadi 460,000. Hizo ni miezi 4 na siku kama 10. Mmejipunguzia karibu mwezi mzima wa kutafuta kazi, na hiyo 1,000,000 itarudi mfukoni kwa vipande vya 110,000, yaani baada ya miezi 9, wakati fedha za kula zimekwisha zamani. Mke wako ana haki ya kuchoshwa na deni, lakini kwa sasa jibu langu ni hapana. Mtu asiye na mshahara akirudi benki kukopa tena, kwa kawaida hapewi.

Fungua akaunti ya pili, fedha zote 3,300,000 zikae huko, pamoja na zile 300,000 za dharura. Kila tarehe uliyokuwa ukipokea mshahara, hamisha 480,000 kwenye akaunti ya matumizi. Mbona si 570,000? Kwa sababu 90,000 za ada zinabaki kule zikisubiri muhula. Mwezi wa pili ada itadaiwa nzima, hivyo zitatoka 840,000. Msishtuke wala msianze kulaumiana, ilikuwa ndani ya hesabu.

Andikeni salio linalotakiwa kuwepo kila mwisho wa mwezi: wa kwanza 2,820,000, wa pili 1,980,000, wa tatu 1,500,000. Likiwa chini ya hapo, kuna kitu kinavuja, kitafuteni wiki hiyohiyo. Mara nyingi ni chakula, au ndugu aliyesikia kwamba umelipwa.

Hiyo 1,500,000 ya mwezi wa tatu ndiyo alama yenu. Mkifika hapo hujapata kazi, hamieni nyumba ya bei nafuu, kwa kuwa kodi ndiyo bili kubwa kuliko zote. Kuhama kunataka kodi ya kutanguliza na gari la kubebea vyombo. Anayesubiri hadi mwezi wa tano hujikuta hana hata fedha ya kuhamia. Kubalianeni leo, mkiwa bado mmetulia.

Bima ya afya usiikate.

Kuhusu mkopo, nenda benki wiki hii kabla rejesho lolote halijachelewa. Uliza kama mkopo una bima na kama inagusa kupoteza kazi, kwani nyingine hulipa kwa kifo na ulemavu tu. Kama haigusi, omba rejesho lishushwe kwa kuongeza muda. Wakikupunguzia hadi 55,000, pengo linakuwa 515,000 na mnapata zaidi ya wiki mbili za ziada. Riba ya jumla itaongezeka, hivyo waambie wakuandikie kiasi gani kabla hujatia sahihi, na mke wako awepo akisikia.