Mirathi: jumla ikitimia, bado usikunje daftari

Wewe uliyeteuliwa msimamizi wa mirathi ya Kiislamu Newala, Masasi au Lindi, au unayekaa na shehe kuandika hesabu, kuna kosa moja litakalokupita usipoambiwa mapema. Wengi hujumlisha mafungu, wakiona yametimia wanatia saini. Jumla kutimia ni lazima, lakini kuna masuala ambayo hutimia hata fungu la mtu likiwa limekatwa.

Chukua mfano huu. Marehemu ameacha mke, mama, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Baba yake alikwisha kufa. Mali ni shamba la mikorosho lililothaminiwa shilingi 12,000,000, nyumba 7,000,000, na fedha 1,850,000 zilizotoka chama cha msingi kwa korosho alizokwisha kupeleka ghalani akiwa hai. Jumla 20,850,000. Hiyo bado si mali ya kurithi. Toa mazishi 350,000, deni la salfa 900,000 na deni la dukani 400,000. Zinabaki 19,200,000, na hapo ndipo kugawa kunaanzia. Kama marehemu ameacha wasia halali, nao hutolewa kabla, usizidi theluthi ya kilichobaki baada ya madeni. Kilicho mali ya mke mwenyewe hakiingii kabisa katika orodha. Korosho zitakazookotwa baada ya kifo ni za warithi kwa mafungu yaleyale, kwa hiyo zifungulie ukurasa wake.

Sasa mafungu. Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana 1/8. Mama ana 1/6. Watoto hawana sehemu iliyotajwa hapa, maana yupo wa kiume: wanachukua mabaki, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Tafuta KDS ya 8 na 6, ni 24, nayo ndiyo asili ya suala. Mke 3, mama 4, yamebaki 17. Watoto wanahesabika vichwa vinne (2 + 1 + 1), na 17 haigawanyiki kwa 4. Usikimbilie desimali. Zidisha kila kitu kwa 4: asili inakuwa 96, mke 12, mama 16, mtoto wa kiume 34, kila binti 17. Jumlisha: 12 + 16 + 34 + 17 + 17 = 96. Gawa 19,200,000 kwa 96, fungu moja ni 200,000. Mke 2,400,000, mama 3,200,000, wa kiume 6,800,000, binti 3,400,000 na mwenzake vivyo hivyo.

Angalia sasa kosa lenyewe. Mtu anampa mke thumuni yake, 2,400,000, zinabaki 16,800,000. Kisha anampa mama 1/6 ya hizo zilizobaki, 2,800,000, na 14,000,000 anawapa watoto. Jumla ni 19,200,000 kamili, wala hakuna shilingi iliyopotea. Lakini mama amekatwa 400,000, na zimeteleza kwa wajukuu wake bila mtu kukusudia. Penye mwenye kuchukua mabaki, kila kosa humezwa na mabaki. Kwa hiyo jumla peke yake haikulindi. Baada ya kujumlisha, rudi kwa kila mwenye sehemu iliyotajwa, chukua fedha aliyopata, zidisha kwa asili ya sehemu yake: 3,200,000 mara 6 ni 19,200,000, 2,400,000 mara 8 ni 19,200,000. Isiporudi kwenye mali yote, kuna uliyemnyang'anya.

Badilisha familia kidogo. Mtoto wa kiume hayupo, na baba wa marehemu yuko hai. Warithi ni mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke 1/8, mabinti 2/3 kwa pamoja, baba 1/6, mama 1/6. Kwa asili ya 24 ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Yamezidi kwa matatu. Hukukosea, hii ndiyo auli. Suala hili huitwa la mimbari, kwa kuwa inasimuliwa Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari akajibu kuwa thumuni ya mke imegeuka tusui, yaani 1/9. Dawa yake ni kuiacha 24 na kugawa mali kwa 27, kila mtu apungue kwa kadiri ya fungu lake. Ndivyo wanavyofuata Mashafii wa pwani yetu. Ukilipa kwa sehemu za mwanzo kwa kupanga foleni, mke atachukua 2,400,000, mabinti 12,800,000, baba 3,200,000, na mama aliyebaki mwisho ataambulia 800,000. Kwa 27 mama anapata 2,844,444, sawasawa na baba.

Hapa 19,200,000 haigawanyiki kwa 27 bila senti. Fungu ni 711,111 na mafungu yote yanafanya 19,199,997. Pengo la shilingi tatu ni la kukata senti, liandike hivyo. Pengo la kukata senti daima ni dogo kuliko idadi ya mafungu. Likifika 27 au zaidi, futa uanze upya.

Mafungu yakipungua asili, kwa mfano mke, mama na binti mmoja (3 + 4 + 12 = 19 kati ya 24), usifanye haraka kuwarudishia waliopo yale matano. Tafuta kwanza asaba, wale wanaochukua mabaki: kaka wa marehemu kwa baba na mama, kisha wa baba mmoja, watoto wao wa kiume, halafu ami. Huku kusini, ambako Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye anayeongoza kikao, na si ajabu akatajwa kama mrithi. Aongoze kikao kwa heshima zake, lakini katika faradhi mjomba si asaba, na mbele ya kaka wa marehemu hana fungu.

Rudi kwenye 96, maana kazi haijaisha mpaka mafungu yageuke mali. Usigawe shamba kwa kuhesabu mikorosho. Mti mkongwe na mti uliokolea kuzaa si sawa. Thamani ndiyo inayogawiwa. Mtoto wa kiume akitaka shamba lote la 12,000,000 wakati haki yake ni 6,800,000, anadaiwa 5,200,000. Mama na binti mmoja wakichukua nyumba ya 7,000,000 kwa haki zao za 6,600,000, wanadaiwa 400,000. Fedha baada ya madeni ni 200,000. Jumlisha: 5,200,000 + 400,000 + 200,000 = 5,800,000. Mke na binti wa pili wanadai 2,400,000 + 3,400,000, ambazo ni 5,800,000. Wanaodaiwa na wanaodai wamekutana. Kama kijana hana fedha mpaka minada, deni lake liandikwe kwa tarehe na kila mrithi asaini. Asipokubali masharti hayo, shamba libaki la wote na mavuno yagawiwe kwa 96.

Ikiwa mirathi iko Mahakama ya Mwanzo, orodha ya mali na madeni hupelekwa kwa Fomu Na. V ndani ya miezi minne tangu uteuliwe, na hesabu za mgao kwa Fomu Na. VI. Katika hesabu hizo andika mafungu kwanza, kisha shilingi kando yake, ili hakimu na warithi waweze kurudia kuzidisha wenyewe.